Somo la 3: Hoja halali na hoja thabiti

Hoja ina misingi na hitimisho. Misingi ni kauli unazoziegemea. Hitimisho ni lile unalotaka nilikubali. Tukipewa hoja tunauliza maswali mawili, na kila mwaka naona yanachanganywa. Hitimisho linafuata kutoka kwenye misingi? Na misingi yenyewe ni kweli?

Swali la kwanza ni la uhalali. Hoja ni halali pale ambapo haiwezekani misingi yote iwe kweli na hitimisho liwe uongo. Tazameni hii:

Miji yote ya Zanzibar iko Unguja.
Wete ni mji wa Zanzibar.
Basi Wete uko Unguja.

Nikiisoma hapa Chake Chake, darasa zima huguna. Hata hivyo ni halali: ungekubali misingi, usingekuwa na pa kutokea. Ubovu uko kwenye msingi wa kwanza. Hoja halali ambayo misingi yake yote ni kweli ndiyo tunayoiita thabiti, na hii si thabiti.

Sasa hii:

Miji yote ya Pemba iko Zanzibar.
Mkoani uko Zanzibar.
Basi Mkoani uko Pemba.

Kila kauli ni kweli, kwa hiyo haguni mtu. Toeni Mkoani, tieni Mkokotoni. Misingi inabaki kweli, lakini Mkokotoni uko kaskazini mwa Unguja! Umbo ni lile lile, na limetupeleka kwenye uongo. Basi halikuwa halali tangu mwanzo. Kosa ni kwamba kiungo cha kati, kuwa Zanzibar, hakikuenea: hakuna msingi uliozungumzia vyote vilivyoko Zanzibar. Hii kazi ya kubadili majina ishikeni vizuri. Kwangu mimi ina faida kuliko kukariri majina ya makosa.

Mawili mengine yanatokana na "kama". Chukueni: kama mvua ilinyesha usiku, jamvi lililoachwa uani limerowa. Mtu akisema "limerowa, basi ilinyesha", amekubali tokeo akadai sharti. Huenda mtoto kamwaga ndoo ya maji. Akisema "haikunyesha, basi halikurowa", amekana sharti, na ndoo ile ile inamsuta. Zilizo halali ni hizi: "ilinyesha, basi limerowa" na "halikurowa, basi haikunyesha". Wastoa, kundi la wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, akiwemo Krisipo katika karne ya 3 K.K., waliziweka zote mbili miongoni mwa hoja za msingi zisizohitaji kuthibitishwa.

Jihadharini na jambo moja: hoja kuwa na kosa hakulifanyi hitimisho lake kuwa uongo. Pengine mvua ilinyesha kweli. Hoja hiyo tu ndiyo haijatuonyesha.

Zoezi la Jumatano. Ivunjeni hii kwa kubadili majina, bila kugusa umbo:

Kila mwalimu wa skuli anajua kusoma.
Hakuna mvuvi aliye mwalimu wa skuli.
Basi hakuna mvuvi anayejua kusoma.