Somo la 1: Kuchapa bila Kutazama Kibodi (Maneno ya Ufunguzi)

[Picha: mikono miwili juu ya kibodi, ikionekana kutoka juu. Hakuna muziki.]

Kabla sijasema mengine, weka vidole vyako viwili vya shahada kwenye safu ya katikati ya kibodi yako, inua macho, kisha vitembeze polepole mpaka kila kimoja kiguse kinundu kidogo. Kinundu cha kushoto kiko juu ya herufi F, na cha kulia kiko juu ya J. Havikuwekwa kwa urembo. Viliwekwa ili vidole vipate mahali pake bila msaada wa macho, na wako watu wanaotumia kibodi kila siku ambao hawajawahi kujiuliza vina kazi gani.

[Skrini: maneno yanajitokeza herufi moja moja: dada kalala kaka kakaa]

Baada ya dakika nane, utaichapa sentensi hii mwenyewe, macho yako yakiwa kwenye skrini tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Nakiri kwamba hakuna mshairi atakayeionea wivu, lakini imechaguliwa kwa makusudi: imeundwa kwa herufi nne tu, yaani A, D, K na L, na zote zimo katika safu hiyohiyo ambayo vidole vyako vimeigusa sasa hivi. Zaidi ya nusu ya herufi zake ni A, ambayo katika Kiswahili haikwepeki, na ambayo huchapwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole ambacho kwa wengi wetu ni kidhaifu na hakijazoea kazi. Ndiyo maana mazoezi yetu yataanza na kidole hicho, wakati ambapo bado hujachoka.

Sikuahidi kasi leo. Utachapa polepole, pengine polepole kuliko unavyochapa kwa vidole viwili, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kidole kinachoharakishwa kabla ya kuijua njia hujifunza makosa kwa bidii ileile ambayo kingejifunzia usahihi.

[Picha: safu ya juu ya kibodi, kwa karibu.]

Hakikisha kwamba safu ya juu ya herufi za kibodi yako inaanza na Q, W, E, R, T, Y, kwa maana maelekezo yote ya somo hili yanafuata mpangilio huo. Huhitaji programu maalumu. Ukurasa wowote mtupu wa kuandikia unatosha, pamoja na kitambaa chepesi cha kufunika mikono, endapo macho yako ni mepesi kushuka.

Fungua ukurasa huo. Rudisha vidole vya shahada kwenye F na J, vingine vipumzishe kwenye herufi zinazofuata pande zote mbili, kidole gumba kikae juu ya kibonye cha nafasi, kisha kwa kidole cha mwisho cha kushoto bonyeza A mara moja.

[Skrini: a]