Idi ya 1994, Kigamboni

Huyo mwenye gauni la njano kwenye picha hii ni mimi, miaka saba. Viatu ni vya dada yangu, mbele nimejaza vitambaa visinivuke. Gauni alishona fundi wa jirani kwa kitambaa cha Kariakoo, na Mama alikinunua kwa hela ya vitumbua.

Sasa angalieni bega langu la kushoto. Mnauona huo mkono? Ni wa Mama. Mpiga picha alimwambia aingie, akakataa. Alikuwa na kanga ya jikoni iliyochujuka, maana hela yote ya sikukuu ilikwenda kwetu. Alisimama pembeni akanishika tu bega nisitikisike, kwa sababu mkanda ulikuwa umebaki picha moja. Tukangoja wiki mbili isafishwe.

Mkono huo ulikuwa unaamka saa tisa usiku kukaanga kwa mwanga wa koroboi. Kabla hakujapambazuka Mama yuko kwenye pantoni na ndoo kichwani, anawahi wavuvi wa Feri. Pantoni ikiharibika, vitumbua vinarudi vimepoa na sisi tunavila mchana na usiku. Maji tulichota kisimani. Televisheni ndiyo kwanza ilianza Tanzania Bara mwaka ule, na sisi watoto tuliichungulia dirishani kwa jirani, tumepangana kama kuku kwenye tenga.

Leo mimi ni mkunga. Maji yanatoka bombani ndani ya nyumba ya Mama, na taa anawasha kwa kubonyeza ukutani. Jikoni bado anaingia alfajiri, mazoea hayo nimeshindwa kumtoa. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016 nilimpeleka tukalivuka kwa miguu. Mita 680 tu, lakini tulikwenda polepole kweli. Hakusema neno. Alinishika mkono kutoka upande wetu mpaka Kurasini, akageuka, akayatazama maji kwa muda mrefu. Nilikuwa najua anahesabu nini.

Ndugu zangu, sina picha nyingine ya Mama ya miaka ile. Hii ndiyo pekee, na yeye ndani yake ni vidole vinne na ncha ya kanga. Nimeibeba kwenye pochi toka chuoni, ndiyo maana kona imeliwa.

Sogezeni muone ya pili, ya Idi ya juzi. Ni pale pale, ila mnazi haupo, pamejengwa fremu za maduka. Mwenye gauni la njano sasa ni binti yangu, na viatu ni vyake, vinamtosha. Nilipoinua simu, Mama akaanza kusogea pembeni kama kawaida yake. Halafu akasimama, akajitanda vizuri doti yake mpya, akamshika mjukuu bega, akaniambia:

"Leo nipige mzima mzima, mwanangu."