Makubaliano ya Usimamizi na Mpango wa Kujifunza

Makubaliano haya ni kati ya daktari wa mwaka wa 2 anayesomea ubingwa wa magonjwa ya akili na daktari bingwa mwandamizi anayemsimamia, nayo yatadumu miezi 6.

Tutakutana kila Jumanne saa 3 asubuhi kwa saa nzima, na kikao kikiahirishwa kitafanyika ndani ya wiki hiyohiyo. Mazungumzo ya kwenye korido, hata yakiwa na manufaa, hayatahesabiwa kuwa usimamizi.

Lengo la kwanza, ambalo mwanafunzi mwenyewe amekiri kuwa ndilo linalomnyima usingizi, ni kutathmini hatari ya kujiua: asitegemee fomu ya alama pekee, bali aulize waziwazi kuhusu mawazo, mpango, njia alizonazo mgonjwa na yale yanayomzuia, kisha aandike hoja za uamuzi wake. Bingwa atamtazama akiwahoji wagonjwa wasiopungua 6, kwa ridhaa yao. Lengo la pili ni kusimamia matibabu ya litiamu, ikiwemo kupima kiwango chake kwenye damu saa 12 baada ya dozi ya mwisho na kufuatilia figo na tezi ya thairoidi.

Akiwa zamu ya usiku, mwanafunzi atampigia bingwa simu kabla ya kumlaza mgonjwa bila hiari au kumruhusu aliyejaribu kujiua arudi nyumbani, wala hatalaumiwa kwa kupiga.

Mambo binafsi ya mwanafunzi yatabaki siri, isipokuwa usalama wa mgonjwa au wake mwenyewe ukiwa hatarini. Tathmini itafanyika mwezi wa 3 na wa 6. Tukitofautiana, mratibu wa mafunzo atasuluhisha.