Mpango wangu wa kutredi sarafu: ukurasa mmoja

Akaunti: dola 1,500. Kazi yangu ni ukaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na simu inabaki kabatini muda wote huo. Kwa hiyo sitredi chati za dakika 5 wala za saa moja. Natredi mshumaa wa siku tu, yaani alama moja ya chati inayobeba bei za siku nzima, na uamuzi wote naufanya alfajiri, kati ya saa 11:30 na saa 12:15, kabla sijatoka Buzuruga kuwahi daladala.

Muda huo unanifaa kwa sababu siku ya soko hufungwa Nyuyoki saa 11 jioni kwa saa zao, ambayo kwetu ni saa 6 usiku au saa 7 usiku, kutegemea majira yao. Nikiamka, mshumaa wa jana umeshafungwa na hautabadilika tena.

Sarafu: EURUSD, GBPUSD na AUDUSD, basi. Zote zinahesabiwa kwa dola, kwa hiyo pipu moja, yaani 0.0001 ya bei, kwenye loti nzima ya uniti 100,000 ni dola 10 na hesabu haina utata. Dhahabu siigusi kwa akaunti ya ukubwa huu. Tena zote tatu zinapimana na dola ileile: nikinunua EURUSD na GBPUSD kwa pamoja nimeweka dau moja kubwa dhidi ya dola, hata kama kwenye skrini yanaonekana mawili. Kwa hiyo tredi iliyo wazi ni moja tu kwa wakati mmoja.

Kuingia

Kununua: bei imefunga juu ya EMA 50, yaani wastani wa bei wa siku 50 unaozipa uzito zaidi siku za karibuni, EMA 50 yenyewe inapanda, bei imerudi chini ikagusa EMA 20, kisha mshumaa wa jana umefunga juu ya EMA 20 na juu ya ulipofungukia. Hapo naweka `Buy Stop`, oda ya kununua inayosubiri bei ipande, pipu 5 juu ya kilele cha mshumaa huo, nikiongeza spredi, yaani tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia, maana chati inaonyesha bei ya kuuzia na oda ya kununua inafunguliwa kwa bei ya kununulia. Kuuza ni kinyume chake, na huko spredi inaongezwa kwenye `Stop Loss`, oda inayofunga tredi hasara ikifika kikomo.

Oda isipofunguka hadi saa 3 usiku naifuta. Bei ikiwa imeshapita pa kuingilia nilipoamka, hasa Jumatatu, siikimbizi. Siku ya ripoti ya ajira ya Marekani (kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi) na siku ya uamuzi wa riba wa benki kuu yao siweki oda mpya.

Ukubwa

Sehemu hii inatangulia oda, kila mara, kwa kalamu na daftari. Hasara ya juu ni asilimia 1 ya salio, leo dola 15.

```
loti = dola za hasara / (umbali wa pipu x 10)
```

Mfano wa EURUSD: kilele 1.1642, spredi pipu 1, naingia 1.1648. Bonde la marejeo 1.1585, `Stop Loss` pipu 5 chini yake, 1.1580. Umbali ni pipu 68. 15 / 680 = 0.022, nashusha hadi 0.02, hasara ikitokea ni dola 13.60. Nashusha daima, sipandishi. Umbali ukizidi pipu 150 hata loti 0.01 ni kubwa mno, tredi hiyo naiacha. Kusogeza stopu karibu ili loti ikubali ni marufuku, kwa sababu stopu inakaa pale ambapo wazo langu limekosea.

Kutoka

`Take Profit` ni mara 2 ya umbali wa stopu. Kwenye mfano, 1.1784. Zote mbili zinaingizwa pamoja na oda na kukaa kwenye seva ya broka, hata umeme ukikatika au bando likiisha. Mshumaa wa siku ukifunga na faida sawa na hasara niliyokubali, alfajiri nasogeza stopu hadi bei ya kuingilia. Ukifunga upande mbaya wa EMA 50, nafunga. Siku ya 10 ya soko nafunga vyovyote itakavyokuwa, maana riba ya kulaza tredi inakula, na Jumatano huhesabiwa mara tatu.

Ijumaa saa 3 usiku: kama stopu haijafika bei ya kuingilia, nafunga. Soko likifunguka na pengo Jumatatu, stopu hailindi bei niliyoandika.

Mipaka

Hasara 2 ndani ya wiki, hakuna oda hadi Jumatatu. Salio likishuka hadi dola 1,350, nasimama mwezi mzima na daftari napitia na mke wangu, tulivyokubaliana. Ada, kodi ya nyumba na pesa ya kikoba haziingii hapa, hata kwa mkopo wa siku mbili. Kanuni yoyote inabadilishwa Jumamosi tu, soko likiwa limefungwa, baada ya tredi 20 kuandikwa.