Maelekezo ya Picha ya Novemba: Usiku wa Loy Krathong, Sukhothai

Kwa mchoraji. Picha ni ya kalamu na rangi za maji, imelala, sentimita 42 kwa 29.7, kwenye karatasi ya gramu 300. Ni ya ukurasa wa Novemba wa kalenda ya ukutani. Kona ya juu kushoto, acha anga tupu la sentimita 12 kwa 5. Jina la mwezi litachapwa hapo.

Tunachotaka kionekane ni umati wa sikukuu ya Loy Krathong uliokusanyika ukingoni mwa bwawa la Traphang Trakuan, katika mji wa kale wa Sukhothai nchini Thailand, watu wakishusha taa zao majini. Kisiwani, ng'ambo ya maji, lipo hekalu la Wat Sa Si na chedi lake, mnara mkubwa wa Kibuddha wenye umbo la kengele, mtindo uliotoka Sri Lanka. Mbele ya chedi kuna safu za nguzo zilizobaki bila paa, na kati yake sanamu ya Buddha ameketi. Mtazamaji yuko ukingo wa mashariki, macho kimo cha mtu mzima aliyesimama, anaangalia magharibi. Chedi liwe kulia kidogo ya katikati, na mstari wa maji upite theluthi moja kutoka juu, ili maji yapate nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Picha hii ni ya maji.

Saa ni kumi na mbili na robo jioni. Jua limezama kama nusu saa hivi, kwa hiyo chini kabisa ya anga umebaki mstari mwembamba wa rangi ya chungwa iliyofifia, na juu yake buluu inayozidi kukolea. Usichore anga jeusi: likishakuwa jeusi, chedi hupotea nalo. Mwezi hauingii kwenye picha. Loy Krathong huangukia mwezi mpevu, na mwezi mpevu huchomoza mashariki jua likizama magharibi. Upo mgongoni mwetu. Wachoraji wengi huutundika juu ya hekalu kwa sababu unapendeza, na hapo picha inakuwa ya uongo.

Taa zenyewe zinaitwa krathong, na hapa tunaomba uwe makini kuliko mahali pengine pote. Msingi wake ni kipande cha mviringo kilichokatwa kwenye shina la mgomba, upana sentimita 15 hadi 20, unene kama 4 au 5. Shina la mgomba limejaa vijumba vya hewa, ndiyo maana linaelea bila kusaidiwa. Pembeni huzungushiwa vipande vya jani la mgomba vilivyokunjwa kuwa pembetatu zenye ncha, safu juu ya safu, vikashikizwa kwa vijiti au pini, hadi chombo kizima kinafanana na yungiyungi lililochanua. Juu hupangwa maua: merigoldi za chungwa, okidi za zambarau. Katikati umesimama mshumaa mmoja, na kando yake vijiti vitatu vya ubani. Chombo kimoja, kilicho karibu kabisa na mtazamaji, kichore kwa undani: mshipa wa jani uonekane kwenye kunjo, na sarafu iliyosukumwa kati ya maua ing'ae upande mmoja tu, ule unaoelekea mwali. Jani ni kijani, lakini likimulikwa kutoka ndani hugeuka manjano ya ndimu kwenye kingo nyembamba na kubaki kijani cha giza pale lilipokunjwa mara mbili.

Usiweke taa za karatasi zinazopaa angani. Hizo ni za Yi Peng, sikukuu ya kaskazini, Chiang Mai na maeneo yake. Wala taa nyekundu za Kichina, wala visanduku vya karatasi vya Kijapani. Hapa mwanga unakaa majini.

Vyombo viwe kama 40. Vitatu karibu, kumi hivi kati, vilivyobaki ni nukta tu zinazosogeleana kuelekea kisiwani. Kosa la kawaida ni kuvichora vyote sawa kwa ukubwa na mwangaza, na hapo maji yanasimama wima kama ukuta. Kadiri vinavyokwenda mbali vipunguze, vibane pamoja, na mwanga wake uwe chungwa zaidi na hafifu. Viwili au vitatu viwe vimezimika. Upepo mdogo unatosha kuzima mshumaa.

Taswira za mwanga majini zina kanuni yake. Taswira ya mwali hukaa wima chini ya mwali wenyewe, haiendi upande hata maji yakichafuka. Mawimbi madogo huirefusha kuja kwa mtazamaji na kuikatakata kuwa vistari vya kulala, vifupi na vya karibu huko mbali, vipana na vilivyoachana huku mbele. Maji ya mbali, tunayoyatazama kwa mshazari, huakisi karibu kila kitu. Ya miguuni petu huakisi kidogo tu, hivyo yawe meusi yenye kina. Viwimbi vitoke mahali mikono inapogusa maji na vife kabla ya kufika katikati, la sivyo taswira ya chedi haiwezi kutulia, nasi tunaitaka itulie. Kitu cheusi kikiakisiwa huonekana cheupe kidogo kuliko kilivyo, na kitu chenye mwanga huonekana kimefifia kidogo.

Umati: watu kama 60. Tisa wa mbele waonekane sura, wengine ni mabega na vichwa dhidi ya maji yanayong'aa. Wa mbele wamepiga magoti. Bibi mmoja ameinua krathong hadi kwenye paji la uso, macho yamefumba, anamwomba radhi Phra Mae Khongkha, mama wa maji. Pembeni yake mtoto ameshatua chake na anasukuma maji nyuma yake kwa kiganja. Chombo chenyewe hakiguswi, kisije kikapinduka. Wanawake kadhaa wamevaa pha sin, vazi la kujifunga kiunoni. Mwanga unawajia kutoka chini: kidevu, chini ya pua na viganja ving'ae, macho yabaki kwenye giza laini, na ngozi kati ya vidole iwe nyekundu pale mwali unapopenya. Umbali ukizidi maradufu mwanga hubaki robo, kwa hiyo mtu wa safu ya pili asimulikwe kama wa kwanza. Hakuna simu mkononi mwa yeyote. Mwanga wake wa buluu ungeua wa mishumaa. Na kisiwani hakuna mtu aliyepanda juu ya nguzo au kuegemea sanamu. Weka tu mstari wa vibakuli vya udongo vyenye utambi, miguuni pa nguzo.

Kwa rangi, karatasi tupu ibaki kwenye kiini cha miali peke yake. Kifunike kwa gundi ya kuzuia rangi kabla ya kuanza, na uibandue karatasi ikishakauka kabisa, maana ikiwa mbichi itachanika. Miduara laini ya mwanga ipakwe karatasi ikiwa na unyevu, manjano kwanza, kisha buluu iisogelee bila kuigusa: zikikutana mbichi hutoa kijani. Giza lipatikane kwa altramarini na sienna iliyochomwa; nyeusi ya kopo hutoka bapa kwenye chapa. Wino wa mashine pia huzidisha giza, kwa hiyo buluu zako zote zipunguze daraja moja.

Ongeza milimita 3 za kukatia kila upande. Tuma kwanza rasimu ya penseli pamoja na kipande kidogo cha majaribio chenye mwali mmoja na taswira yake, kisha picha kamili, iliyoskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi.