Prompti ya nembo ya klabu ya soka: nyati ndani ya ngao

Chora nembo moja ya klabu ya soka: kichwa cha nyati kinachotazama mbele, ndani ya ngao, na mpira mmoja chini ya kidevu chake. Nembo itashonwa upande wa moyo wa jezi za watoto na za wakubwa, itagongwa kama muhuri kwenye barua, na itakaa kwenye duara dogo la picha ya simu. Ichorwe tangu mwanzo ikijua inaelekea huko kote.

Turubai ni mraba wa pikseli 1024 kwa 1024, mandharinyuma nyeupe kabisa. Ngao isimame katikati, upana pikseli 640, kimo pikseli 794. Ukingo wa juu umenyooka, hauna taji wala mapembe. Mbavu zishuke wima kwa pikseli 240, kisha kila upande ujipinde kuelekea ndani kwa tao lenye nusu kipenyo cha pikseli 640, ambalo kitovu chake kiko kwenye ubavu wa pili, pale pale mnyoofu unapoishia. Matao hayo mawili yakutane chini kwenye ncha moja. Hii ndiyo ngao ya zamani ya wapanda farasi wa Ulaya, na uzuri wake ni kwamba tao linaondoka kwenye ubavu bila kona. Usiinenepeshe chini ikawa kama chungu, wala usiirefushe ikawa kama tai ya shingoni.

Ukingo uwe wa tabaka mbili: nje kijani pikseli 20, ndani yake manjano pikseli 20. Baada ya hapo uwanja wote wa ngao ni kijani kitupu.

Rangi ni tatu tu. Kijani kizito #0F4C3A, manjano ya yai #F4B41A, nyeupe #FFFFFF. Hakuna kijani cha pili cha kutilia kivuli, hakuna rangi inayofifia kwenda nyingine, hakuna mng'ao wa chuma, hakuna weusi. Na kuna sharti moja ninalolishikilia kuliko yote: manjano na nyeupe zisigusane popote, baina yao pawe na kijani kila mara. Wachora nembo wa kale waliliweka sharti hili kwa sababu nembo ilipaswa kutambulika toka mbali, na rangi mbili nyepesi zikipakana zinamezana. Sisi tuna sababu nyingine juu ya hiyo. Siku nembo itakapochapwa kwa wino mmoja, kijani ndicho kitakachokuwa wino, na manjano na nyeupe zote mbili zitakuwa karatasi. Zikigusana, pembe na uso vitakuwa kitu kimoja na nyati atapotea.

Sasa nyati mwenyewe. Tumemchagua kwa sababu kundi la nyati likivamiwa, wakubwa hukusanyika kuwazingira ndama, na klabu hii ilianza na timu ya watoto kabla haijawa na timu ya wakubwa. Kwa hiyo si nyati wa hasira. Kinywa kimefungwa, hakuna meno, hakuna moshi puani, hakuna macho mekundu. Ni mnyama aliyesimama akatazama, na hasogei.

Uso ni umbo moja la manjano, pana juu kwenye paji, likishuka kwa kupungua kidogo hadi pua pana, mithili ya jembe lililosimamishwa. Kichwa chote, pembe zikiwemo, kianzie pikseli 60 chini ya ukingo wa juu wa ngao. Pembe ni mbili, nyeupe, na ndizo zinazobeba nembo nzima, kwa hiyo zipe muda. Pembe za nyati dume aliyekomaa hazitoki ubavuni mwa kichwa kama za ng'ombe. Mashina yake ni manene, yanakutana juu ya paji kama kofia ngumu, kisha zinashuka kwa nje, zinapinda na kupanda juu tena, ncha zikielekeana. Fuata mwendo huo: zishuke kwanza, ndipo zipande. Zikipanda moja kwa moja utakuwa umechora fahali wa kawaida. Kutoka ubavu wa pembe moja hadi wa nyingine iwe pikseli 480. Pale mashina yanapokutana katikati pawe na mwanya wa kijani wa pikseli 16, na mwanya kama huo upite kati ya pembe na uso.

Masikio mawili ya manjano yaning'inie chini ya pembe, kama majani mapana, yametenganishwa na uso kwa mwanya ule ule. Usichore nywele. Macho mawili na matundu mawili ya pua yawe mikato ya kijani ndani ya uso, basi.

Mpira ni duara jeupe lenye kipenyo cha pikseli 170, juu ya kijani, bila kugusa kidevu wala ukingo wa manjano. Mpira wa kawaida wa kushonwa una vipande 32, yaani 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita, lakini humu usivihesabu vyote. Weka kipande kimoja cha pembe tano katikati, cha kijani, kona moja ikiwa juu kabisa, na kutoka kila kona utoke mshono mmoja ulionyooka hadi ukingoni mwa duara. Kona ikielekea juu, nusu mbili za mpira zinafanana. Ukiuzungusha kidogo tu, nembo nzima inaonekana imepinda hata kama mtu hajui kwa nini.

Ukihesabu pembe 2, masikio 2, uso, macho 2, matundu 2, mpira na kipande chake cha katikati, yanakuwa maumbo 11, ukiacha ngao na mishono. Namba hiyo ibaki. Ajax walipobadili nembo yao mwaka 1990 walichora kichwa kwa mistari 11, mmoja kwa kila mchezaji, na wazo hilo linatufaa, ila mchoro wetu usifanane na wao wala na klabu nyingine yoyote.

Ulinganifu uwe kamili kwa mstari wa wima unaopita katikati ya turubai. Chora nusu ya kushoto, kisha iakisi. Jicho la kulia lisiwe kubwa kuliko la kushoto hata kwa pikseli moja, na kichwa kisiinamishwe ili "kipate uhai".

Kingo zote ziwe safi na nene. Mwanya au mstari wowote usipungue pikseli 16: nembo ikishonwa kwa kimo cha sentimita 7, huo unakuwa kama milimita 1.4, na mshonaji wa tarizi bado anaweza kuuacha wazi. Ukiwa mwembamba zaidi, nyuzi zinauziba.

Usiandike herufi yoyote, tarakimu yoyote wala utepe. Jina la klabu litapangwa chini ya ngao na mchapaji, kwa fonti yake. Usiongeze nyota, mashada ya majani, miale ya jua, uwanja wa nyuma, wala kivuli chini ya ngao. Usiioneshe nembo juu ya jezi, ukuta au bendera. Mchoro mmoja, tazamo la mbele, ngao peke yake juu ya nyeupe, tayari kufuatishwa upya kuwa faili la SVG.