Baba, king'amuzi hakijaharibika

Shikamoo baba. Mama ameniambia umekirudisha king'amuzi kwenye boksi lake na kesho unataka kukipeleka dukani Muheza ukadai pesa zako. Naomba usiende kwanza. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tunakatizana, na haya utayasoma taratibu ukiwa na miwani yako.

Siku ile ulitoa sh 99,000. Pesa hiyo ilinunua vitu: king'amuzi, dishi, rimoti na waya. Umelipa mara moja, ni vyako, hakuna wa kuja kukudai hata vikikaa hapo miaka kumi. Fundi wa dishi naye ulimlipa mara moja, mkamalizana. Lakini chaneli hazimo ndani ya king'amuzi. Kampuni inazirusha kila siku, na ili zifunguke kwako kuna malipo mengine kabisa, ndiyo hicho wanachokiita kifurushi. Chako ni cha sh 19,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza ulikuja pamoja na king'amuzi, ndiyo maana ukaona yote yamo kwenye ile 99,000. Muuzaji alipaswa kukueleza hilo kabla hajapokea pesa, na kwa kweli hapo nina hasira naye kama wewe. Mwezi umeisha tarehe 2, chaneli zikafungwa.

Mwangalie kinyozi uliyempangisha fremu. Kiti, mashine na vioo kanunua mwenyewe, ni mali yake. Fremu si yake, kwa hiyo kila mwezi anakuletea kodi. Asipoleta hakai, ila kiti chake humnyang'anyi. Na akienda kwao msibani wiki nzima akafunga duka, kodi humpunguzii. Sasa kwenye mambo ya chaneli, kinyozi ni wewe. Zile siku ulizokuwa Lushoto TV ikiwa imezimwa zilihesabiwa zote, kwa sababu siku zinaanza kuhesabiwa pale unapolipia, uwashe usiwashe.

Uzuri wake ni kwamba kifurushi chako hakijilipi chenyewe. Usipolipia wanafunga tu, hakuna deni, na ukilipia hata baada ya miezi mitatu chaneli zinarudi kwenye king'amuzi kilekile. Kwa hiyo ligi ikisimama na Coastal hawachezi, acha, pesa ibaki mfukoni. Mama tamthilia zake ataniambia mwenyewe, hapo siingilii.

Kinachonisumbua zaidi ni simu yako. Umelalamika kwamba ukiweka vocha asubuhi, jioni salio limepungua na hujampigia mtu. Mjukuu wako amenitumia picha ya meseji zako, nimeona ile ya mawaidha ya kila siku. Mwanzoni waliandika ni bure siku ya kwanza, jibu 1 kujiunga, nawe ukajibu. Tangu hapo wanakata sh 150 kila siku. Ni ndogo, huioni, lakini kwa siku 30 ni sh 4,500. Haya nayo ni malipo ya kujirudia kama kifurushi, ila yenyewe hayakuulizi. Wanachukua, kesho wanachukua tena, mpaka wewe mwenyewe useme basi. Ungekuwa umenunua kitabu cha mawaidha ungelipa mara moja ukasoma mpaka kurasa zichakae.

Kuifuta meseji hakusimamishi makato, baba. Wala kutoifungua. Fungua meseji yao ya mwisho, soma mstari wa chini kabisa: wameandika neno la kutuma ukitaka kujitoa, na namba ya kulituma. Kama huoni, piga 100, mwambie huduma kwa wateja, "Niondoeni kwenye huduma zote za meseji zinazonikata salio." Hawahitaji namba yako ya siri kwa hilo. Atakayekuomba namba ya siri, kata simu.

Na kuanzia sasa mtu akikuuzia kitu chochote chenye umeme au simu ndani yake, muulize maswali mawili kabla hujatoa pesa: "Nikilipa leo, kuna nitakacholipa tena?" na "Nisipolipa, kinazimika au mnanikata wenyewe?" Akianza kuzungukazunguka, nipigie hapohapo akiwa amesimama mbele yako.

Kifurushi cha mwezi huu nalipia mimi. Mwambie mama apige picha namba ya kadi iliyobandikwa chini ya king'amuzi anitumie. Kisha kirudisheni mahali pake, mchomeke waya wa dishi, muwashe TV na kuiacha kwenye chaneli mojawapo iliyofungwa. Msizime mpaka picha irudi, kwa sababu king'amuzi kikiwa kimezimwa hakipokei taarifa kwamba kimelipiwa. Nitakupigia baada ya Isha.